Sukari na Matunda katika Yogati: Kabla ya Kulaza Maziwa au Baada? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wanaotengeneza yogati kwa kiasi kidogo, nyumbani au katika chumba cha nyuma ya duka, kuanzia Mbarara na Kiruhura hadi Kampala, Jinja na Gulu. Tunachukulia kwamba msomaji tayari anajua kuchemsha maziwa, kuyapoza, kuyatia kimea, yaani bakteria wanaoyagandisha, na kuyalaza, yaani kuyaacha katika joto mpaka yagande, na kwamba anacho kipimajoto. Asiye nacho akinunue kabla ya kununua sukari, kwa sababu mengi yanayofuata hayawezi kufuatwa kwa kuchovya kidole.

Je, sukari huwalisha bakteria wa kimea na kuyafanya maziwa yagande upesi?

Hapana, ingawa swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na chanzo chake kinaeleweka: anayepika mandazi huiona hamira ikiamka inapopewa sukari, akadhani kimea cha yogati nacho ni vivyo hivyo. Hamira ni kuvu anayeitumia sukari ya miwa kwa urahisi, lakini bakteria wa yogati wanakula laktosi, yaani sukari iliyomo ndani ya maziwa yenyewe. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina takriban gramu 45 hadi 50 za laktosi, na hadi yogati inapokuwa imeganda na kuchachuka inavyotakiwa, bakteria huwa wametumia kama robo tu ya kiasi hicho. Kuwaongezea sukari ya miwa ni kama kumpakulia sahani ya pili mtu ambaye ya kwanza hajaifikisha hata nusu.

Kimea cha kawaida cha yogati kina bakteria wa aina mbili, na majina yao huandikwa kwenye pakiti: Streptococcus thermophilus, ambaye umbo lake ni la duara, na Lactobacillus bulgaricus, ambaye umbo lake ni la fimbo. Yule wa duara anaweza kuivunja sukari ya miwa, lakini maadamu laktosi ipo huishughulikia hiyo kwanza. Yule wa fimbo kwa kawaida haiwezi kabisa. Ndiyo maana sukari unayoitia kabla ya kulaza maziwa huikuta karibu yote ndani ya kikombe baadaye, na ndiyo maana yogati huwa tamu. Kama bakteria wangekuwa wanaila, utamu ungepotea.

Ninatumia kimea cha Yoba. Je, hilo linabadilisha jambo lolote?

Kimea hicho, kinachotumiwa na watengenezaji wengi wadogo Uganda, kina yule bakteria wa duara pamoja na Lactobacillus rhamnosus badala ya yule wa fimbo tuliyemtaja. Rhamnosus aliyemo hana uwezo wa kuivunja laktosi wala sukari ya miwa. Hukua kwa kutegemea sukari nyepesi ambazo mwenzake huziachia anapoivunja laktosi. Kwa hiyo hapa pia sukari ya dukani haimsaidii yeyote, na ikizidi humchelewesha yule ambaye kazi yote inamtegemea.

Kama si chakula, basi sukari huwafanya nini bakteria?

Huwanyima maji. Sukari inapoyeyuka ndani ya maziwa huyashika maji, na maji yaliyomo ndani ya mwili wa bakteria huvutwa kwenda nje. Bakteria aliyenyauka namna hiyo hafi papo hapo, bali hutumia nguvu zake kujilinda badala ya kuzaana na kutoa asidi. Sukari ikiwa kidogo athari hii haionekani. Ikiwa nyingi, saa za kulaza huongezeka, na ikizidi sana maziwa hukaa usiku kucha bila kuganda.

Jambo lisilofahamika sana ni kwamba bakteria wale wawili hawaumizwi kwa kiwango kimoja. Yule wa fimbo huathirika mapema zaidi. Nao wanategemeana: wa fimbo huvunja protini za maziwa na kumwachia mwenzake vipande vidogo anavyovihitaji ili akue, na wa duara humpa mwenzake asidi ya fomiki na hewa ya kaboni dioksidi, ambazo humchochea. Sukari inapomdumaza mmoja, mwingine naye hukosa msaada, na kazi nzima hulegea zaidi kuliko ambavyo ungetarajia kwa kumtazama mmoja mmoja. Zaidi ya hayo, harufu ile kali na safi inayotambulisha yogati hutoka kwa sehemu kubwa kwa yule wa fimbo. Kwa sababu hiyo yogati iliyotiwa sukari nyingi mno tangu mwanzo inaweza kuganda hatimaye, lakini ikawa na ladha iliyopooza, tamu bila uchachu, kama maziwa mazito tu. Wengi hulaumu kimea, wakabadilisha pakiti, na kasoro ikabaki pale pale.

Ni sukari kiasi gani inayoweza kutiwa kabla bila kuleta matatizo?

Gramu 40 hadi 60 kwa kila lita ya maziwa hazileti ucheleweshaji wa kuonekana. Kati ya gramu 60 na 80 tarajia kusubiri kidogo zaidi. Ukivuka gramu 100 kwa lita, umeingia mahali ambapo kila kitu kingine lazima kiwe sawasawa, yaani joto, kimea na maziwa yenyewe, maana hakuna nafasi iliyobaki ya kukosea. Kuanzia kama gramu 120 kwa lita, kimea cha kawaida hulemewa waziwazi.

Viwango hivi ni vya maziwa yasiyoongezwa unga wa maziwa. Kinachomlemea bakteria si sukari ya dukani peke yake, bali jumla ya vitu vyote vilivyoyeyuka ndani ya maji yale, na unga wa maziwa ni karibu nusu laktosi. Anayetia unga ili yogati iwe nzito, kisha akatia sukari kwa kipimo cha mwenye maziwa matupu, hushangaa kuona matokeo tofauti na ya jirani yake. Kwa makadirio ya kazini, jumla ya yabisi zote, yaani za maziwa, unga na sukari, ikikaribia asilimia 22 ya uzito, ujue kwamba unaelekea kwenye ugumu. Maziwa matupu huwa na asilimia 12 hadi 13.

Kama sukari huchelewesha, kwa nini tusiitie yote baada ya kuganda?

Kwa yogati inayogandia ndani ya kikombe kile kile kinachouzwa, haiwezekani. Mgando wa yogati ni wavu laini wa protini ulioshika maji. Ukipitisha kijiko kukoroga sukari unaukata, na punje za sukari zinapoyeyuka huvuta maji kutoka kwenye wavu huo, ukabaki na kikombe chenye vipande vyeupe vinavyoelea katika maji ya rangi ya kijanikibichi hafifu. Yogati ya namna hii lazima ipate sukari yake kabla.

Sababu ya pili ni usafi. Sukari huonekana safi, nayo haiozi kwa sababu ni kavu, lakini ndani ya gunia lililokaa wazi dukani kuna mbegu za ukungu na kuvu wanaopenda utamu ambao wamelala wakisubiri maji. Sukari iliyotiwa kabla ya kuchemsha hupitia moto pamoja na maziwa na wageni hao huuawa. Iliyotiwa baadaye ikiwa kavu huwapeleka moja kwa moja kwenye chakula ambacho hakitachemshwa tena.

Kwa yogati ya kukoroga, ambayo hugandia ndani ya ndoo kisha ikakorogwa na kutiwa chupani, una uhuru zaidi: sehemu ya sukari hutiwa kabla, na iliyobaki huja baadaye ikiwa imepikwa pamoja na matunda. Kwa maoni yangu mgawanyo huu ndio bora kwa kila anayeuza yogati tamu, na maelezo yake yamo katika mfano ulioko hapo chini.

Sukari itiwe katika hatua gani hasa?

Itiwe maziwa yakiwa ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 40 na 50, kabla hayajafikia moto mkali, huku ukikoroga mpaka usisikie tena mchakacho wa punje chini ya mwiko. Ikitiwa katika maziwa baridi huzama na kulala chini ya sufuria, kisha huungua na kuipa yogati yote ladha ya moshi ambayo haiondoki. Sukari ya kahawia, ambayo ndiyo tele katika maduka yetu, mara nyingi huja na vumbi na vipande vya nyuzi za miwa; ikishayeyuka, yapitishe maziwa katika kitambaa safi kabla ya kuendelea na moto. Pia huyapa maziwa rangi kidogo, jambo ambalo wateja wengine hulikubali na wengine hulikataa, lakini bakteria hawalijali.

Kosa lililozoeleka ni kuitia sukari wakati maziwa yameshapozwa na kimea kinasubiri mkononi. Wakati huo haiyeyuki vizuri, haiuliwi vijidudu, na ukikoroga muda mrefu ili iyeyuke maziwa hupoa chini ya joto la kulazia.

Mnaweza kutuonyesha mfano kamili wenye vipimo?

Tuchukue mtengenezaji wa Mbarara mwenye lita 20 za maziwa, ambazo uzito wake ni karibu kilo 20.6, anayetaka yogati ya nanasi ya kukoroga. Zamani alikuwa akitia kilo 3 zote za sukari tangu mwanzo kwa sababu wateja wake wanapenda utamu. Kilo 3 ndani ya mchanganyiko wa kilo 23.6 ni karibu asilimia 12.7, na ukijumlisha yabisi za maziwa unapata zaidi ya asilimia 23. Baada ya saa tano ndoo yake inakuwa bado ni kama uji mwepesi, naye huifunika tena na kwenda kulala, akiiacha ipoe polepole hadi asubuhi.

Mpango mpya ni huu. Anatia gramu 800 tu katika maziwa, yaani gramu 40 kwa lita, ambazo ni chini ya asilimia 4 ya mchanganyiko. Anapasha moto hadi nyuzi 85 na kushikilia hapo kwa dakika 30, sufuria ya maziwa ikiwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji ili chini kusiungue. Anapoza hadi nyuzi 43 kwa kuizamisha sufuria katika maji baridi, anatia kimea kwa kipimo cha pakiti, na kuilaza ndoo ndani ya sanduku linalohifadhi joto. Anaanza kuangalia baada ya saa nne bila kuitikisa ndoo: anachota kidogo pembeni kwa kijiko safi, na iwapo mgando unakatika kwa ukingo mkali na shimo linabaki na umbo lake, umefika. Mwenye kipimo cha pH husubiri kifike 4.6. Kwa kiasi hiki cha sukari, kazi humalizika kwa kawaida kati ya saa nne na sita.

Wakati ndoo imelala, anatengeneza rojo ya nanasi. Anachukua kilo 2 za nanasi lililomenywa na kukatwa vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya hindi, anatia kilo 1 ya sukari, na kuvipika mpaka vichemke, kisha kwa moto wa wastani kwa dakika 10 hadi 15 zaidi, mpaka ibaki karibu kilo 2.5. Akitaka isichuruzike, anakoroga vijiko viwili au vitatu vya wanga wa muhogo katika maji baridi kidogo na kuvimimina ndani rojo ikichemka. Anaifunika ikiwa ya moto katika chombo kilichochemshwa, na kuiacha ipoe kabisa.

Yogati inapoganda huipoza, huikoroga taratibu ikiwa imeshashuka chini ya nyuzi 20, kisha huchanganya na rojo baridi. Jumla sasa ni karibu kilo 23.9, yenye kilo 1.8 za sukari iliyoongezwa, ambayo ni kama asilimia 7.5, mbali na utamu wa nanasi lenyewe. Amepunguza zaidi ya kilo moja ya sukari, na kwa kuwa uchachu na harufu vimekamilika, ladha ya nanasi husikika zaidi kuliko ilipokuwa imezamishwa ndani ya utamu mtupu. Wateja wakilalamika kwamba haijafika, aongeze sukari katika rojo, si katika maziwa. Bakteria wameshamaliza kazi yao na hawawezi tena kucheleweshwa.

Kwa nini matunda mabichi yasitiwe katika maziwa kabla ya kulaza?

Kuna sababu kadhaa, na kila moja peke yake inatosha kuiharibu ndoo. Ya kwanza ni asidi. Maji ya pasheni yana pH inayokaribia 3. Ukiyamimina katika maziwa ya moto, protini hukusanyika papo hapo kuwa chembe ngumu, kabla bakteria hawajaanza kazi, nawe unapata kitu kinachofanana na jibini lililovunjika. Yogati huganda laini kwa sababu asidi yake huzaliwa polepole, sawasawa kila mahali ndani ya maziwa yaliyotulia, na hakuna tunda linaloweza kuiga mwendo huo.

Ya pili ni vimeng'enya. Nanasi bichi lina bromelini na papai lina papaini, ambavyo hukata protini vipande vipande. Katika joto la nyuzi 43 kwa saa tano, vimeng'enya hivi vimepewa mazingira wanayoyapenda: wavu wa protini unaliwa wakati ule ule unapojaribu kujengwa, na matokeo ni maji machungu. Uchungu huo ni wa vipande vya protini, wala hauondolewi kwa kuongeza sukari.

Ya tatu ni hamira za porini zilizo juu ya ganda na ndani ya nyama ya tunda. Hizo, tofauti na bakteria wetu, hupenda sukari ya miwa na ya matunda, na saa tano za joto huzipa mwanzo mzuri. Yogati hutoka na mapovu na harufu ya pombe. Mwisho, hata tunda lisilo na madhara yoyote huzama chini au huelea juu, likatoa maji yake na kuacha mifuko isiyoganda kulizunguka.

Matunda gani yana masharti ya pekee?

Nanasi, liwe la Luweero au la Kayunga, lipikwe mpaka lichemke hadi katikati ya vipande. Kupashwa uvuguvugu hakutoshi. Papai lipikwe zaidi, kwa kuwa papaini huvumilia joto kuliko bromelini, ingawa papai lililoiva sana huwa nayo kidogo kuliko lile changa lenye utomvu. Ukitaka kujua kama umepika vya kutosha, changanya kijiko kimoja cha rojo na vijiko vitano vya yogati isiyo na kitu, weka kwenye friji hadi kesho yake, kisha onja na tazama: ikiwa imelegea kuwa maji na ina uchungu nyuma ya ulimi, kimeng'enya bado ki hai.

Pasheni haina tatizo la vimeng'enya hivyo, lakini ni chachu mno, hivyo itiwe sukari katika maji yake, ichemshwe kidogo, na ichanganywe ikiwa baridi katika yogati baridi. Embe ndilo rahisi kuliko yote, kwa kuwa ni zito na halina ukali. Ndizi bogoya hugeuka nyeusi. Ipikwe na maji ya limau, au itiwe wakati wa kula tu. Fenesi harufu yake hufunika kila kitu, nami nisingelipendekeza kwa biashara.

Ninaona vikombe vyenye matunda chini na yogati iliyoganda juu. Je, hayo hayakutiwa kabla?

Ndiyo, yalitiwa kabla, lakini ni rojo iliyopikwa yenye sukari nyingi na iliyofanywa nzito kwa wanga au pektini. Huwekwa chini ya kikombe kwanza, kisha maziwa yaliyokwisha kutiwa kimea humiminwa juu taratibu, na vikombe hulazwa bila kutikiswa. Sukari ya rojo hubaki karibu yote chini, kwa hiyo bakteria walio juu hawalemewi. Ni safu nyembamba tu ya kati inayochelewa kuganda. Rojo ikiwa nyepesi itapanda na kuchanganyika, na hapo faida yote hupotea. Rojo iwe na joto linalokaribiana na la maziwa, kwa sababu rojo iliyotoka kwenye friji hukipoza kikombe kutoka chini. Njia hii inahitaji mkono mtulivu na vikombe vingi. Kwa anayeanza, kukoroga ni salama zaidi.

Vipi kuhusu asali?

Itiwe baada ya kuganda. Mbali na kuvuta maji kama sukari, asali ina nguvu yake yenyewe ya kuzuia bakteria, na aina moja hutofautiana na nyingine, hivyo huwezi kukadiria itachelewesha kiasi gani. Yogati yenye asali haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Yogati yangu yenye sukari haikuganda. Nitajuaje kama ni sukari au kitu kingine?

Laza kikombe cha shahidi. Kila unapotengeneza, kabla ya kutia sukari, chota nusu lita ya maziwa yale yale, yachemshe peke yake, yatie kimea kile kile kwa kipimo kile kile, na uyalaze katika sanduku lile lile. Gharama yake ni ndogo, na jibu lake halina ubishi.

Ikiwa kikombe kisicho na sukari kimeganda kwa wakati na ndoo yenye sukari haijaganda, sukari ndiyo iliyozidi. Ikiwa vyote viwili vimechelewa, tazama joto: katika usiku wa baridi wa Kabale, ndoo isiyofunikwa vizuri hushuka hadi nyuzi 35 mapema, na umeme ukikatika kwenye mashine ya kulazia matokeo ni hayo hayo popote ulipo. Ikiwa joto lilikuwa sawa usiku mzima na bado vyote viwili ni maziwa matamu yasiyoganda hata kidogo, shuku dawa. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa penisilini hutoa maziwa yenye mabaki ya dawa hiyo, na bakteria wa duara huuawa na kiasi kidogo mno, kuchemsha hakuondoi. Hapo zungumza na mfugaji au na kituo cha kukusanyia maziwa, na usimpe mteja maziwa hayo kwa jina jingine.

Kama ni sukari, na ndoo ipo mbele yako sasa, irudishe kwenye nyuzi 43 na uisubiri, maana mara nyingi itaganda kwa saa chache zaidi. Kuongeza kimea husaidia kiasi, lakini kukoroga maziwa yaliyoanza kushikana huyaharibu kuliko ucheleweshaji wenyewe. Kilichokaa vuguvugu usiku kucha bila kuchachuka kisiuzwe: asidi ndiyo inayowazuia vijidudu wabaya, nayo hapo haikuwapo.

Je, naweza kutumia yogati yangu tamu kama mbegu ya kesho?

Haifai. Ndani yake uwiano wa bakteria wawili umeshapotoka kuelekea yule wa duara, na kama ina matunda, utakuwa ukihamisha hamira za porini kutoka ndoo hadi ndoo huku zikiongezeka. Tenga lita moja isiyo na sukari wala matunda kwa ajili ya mbegu, uihifadhi kwenye baridi, na utie gramu 20 hadi 30 zake kwa kila lita ya maziwa. Hata hiyo, baada ya kurudiwa mara kadhaa, rudi kwenye pakiti mpya.

Na bongo?

Maziwa ya bongo huchachuka kwa bakteria wengine, katika joto la kawaida la chumba na kwa muda mrefu zaidi. Sukari hutiwa na mnywaji katika kikombe chake, na hakuna sababu ya kubadilisha desturi hiyo.

Si kweli kwamba sukari huhifadhi? Kwa nini basi vifuniko vya chupa zangu huvimba?

Sukari huhifadhi jemu kwa sababu humo ni zaidi ya nusu ya uzito. Katika yogati yenye asilimia 7 au 8 haihifadhi chochote. Kinachohifadhi ni asidi na baridi. Kifuniko kilichovimba ni hewa ya kaboni dioksidi, na anayeitoa ni hamira iliyoingia pamoja na tunda, sukari kavu iliyotiwa baadaye, au chupa isiyochemshwa. Fuatilia kwa kutenganisha: kutoka katika ndoo moja, jaza chupa mbili za yogati tupu na mbili zenye rojo, uziache nje ya friji kwa siku mbili. Zikivimba zenye rojo pekee, rojo haikupikwa vya kutosha au ilichafuliwa ilipokuwa ikipoa, na mara nyingi utakuta ni kile kijiko kilichotumika kuonja kisha kikarudishwa ndani. Zikivimba zote, anza na chupa na vifuniko.